Ujumbe wa kugawa kazi umetumwa, kazi haifanyiki: dalili, sababu na matengenezo

Mwongozo huu unashughulikia ujumbe mmoja tu: ule ambao mratibu wa kikundi anauandika kwenye WhatsApp siku asistanti anapotoa kazi ya kikundi, ili kusema nani afanye nini na lini. Katika vikundi vya wanafunzi hapa Lubumbashi malalamiko yanafanana muhula baada ya muhula. Wote wanajibu "sawa", wawili wanafanya kazi, mmoja hapatikani, na usiku wa mwisho mtu mmoja anaandika kurasa kumi peke yake huku umeme ukikatika.

Mara nyingi kosa linatafutwa kwa watu, na kweli wapo watu wasiotegemeka. Lakini ujumbe ni kitu unachoweza kukitengeneza leo jioni, tabia ya mtu huwezi. Basi anza na ujumbe.

Mfano utakaotumika hapa chini ni huu. Wanafunzi saba wa uchumi wamepewa kazi kuhusu bei ya unga wa mahindi katika masoko ya mji. Wamepewa kazi Jumanne tarehe 6, na wataipeleka kwenye karatasi Ijumaa tarehe 16, saa nane mchana. Majina ni ya mfano tu. Ngoy na Monga walikwisha kushindwa kuleta sehemu zao katika kazi iliyopita, na kila mtu kikundini anajua.

Dalili ya 1: Wote wamesoma, wote wamejibu "sawa", hakuna aliyeanza

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Kabla ya kumlaumu mtu, fungua ujumbe uliotuma na uusome kama mtu aliyeamka sasa hivi na hajui kinachoendelea. Kwa kawaida utakuta kitu cha namna hii:

> Ba ndugu, kazi ya asistanti tumepewa. Tugawane: wengine waende sokoni, wengine watafute nadharia, kisha tutaunganisha. Tufanye haraka, siku ya mwisho ni tarehe 16. Tuko pamoja.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kabisa, ni kwamba hakuna jina. "Wengine waende sokoni" ni sentensi ambayo kila msomaji anaipokea kama habari ya wenzake. Jaribu hivi: weka kidole juu ya kila kazi katika ujumbe na uulize, nikipiga simu sasa hivi kuulizia kazi hii, nampigia nani? Ukisita hata kidogo, kazi hiyo haina mwenyewe. Kazi yenye majina mawili nayo haina mwenyewe. Ngoy na Monga wakipewa soko moja pamoja, kila mmoja atangoja kusikia kutoka kwa mwenzake.

Sababu ya pili ni kwamba kazi imetajwa kwa mada, si kwa kitu kitakacholetwa. "Nadharia" haina mwisho: mtu anaweza kusema kwa siku nane kwamba bado anatafuta, na hadanganyi. "Kurasa tatu kuhusu uhitaji na ugavi, kutoka daftari la kozi, faili ya Word" ina mwisho. Kipimo chake ni rahisi: mtu asiyesoma uchumi aweze kuangalia kilicholetwa na kusema kimefika au hakijafika.

Sababu ya tatu ni kwamba kuna tarehe moja tu, nayo ni ya mwisho. Hapa ndipo vikundi vyenye watu wasiotegemeka vinapoanguka, maana mtu aliyeshindwa anajulikana siku ile ile ambayo hakuna tena la kufanya. Dawa yake iko katika dalili ya 4.

Sababu ya nne haipatikani sana, lakini inachelewa kugunduliwa: "sawa" imepokelewa kama ahadi. Kidole gumba kinamaanisha "nimeona". Hakimaanishi kwamba mtu amehesabu siku zake na kuona kwamba anaweza. Ndiyo maana ujumbe mzuri hauombi "sawa". Unaomba mtu arudie kwa maneno yake mwenyewe kile atakacholeta na saa atakayoleta. Anayeandika "Naleta bei za soko la Katuba Jumamosi 18h00" amesoma. Anayeshindwa kuandika mstari huo umemgundua siku ya kwanza, na siku zote kumi bado unazo mkononi.

Ujumbe ule ule ukitengenezwa unakuwa hivi:

> Kazi ya kikundi: bei ya unga wa mahindi. Kupeleka Ijumaa 16, 14h00 (saa nane mchana).
>
> 1. Mujinga: soko la Kenya, bei kwa wauzaji 10. Jumamosi 10, 18h00.
> 2. Ngoy: soko la Katuba, bei kwa wauzaji 10. Jumamosi 10, 18h00.
> 3. Monga: soko la Ruashi, bei kwa wauzaji 10. Jumamosi 10, 18h00.
> 4. Kabedi: nadharia, kurasa 3 za Word. Jumamosi 10, 18h00.
> 5. Kasongo: jedwali 1 na grafu 1 kutoka bei zote. Jumatatu 12, 20h00.
> 6. Mwewa: utangulizi, hitimisho, kuunganisha vyote. Jumanne 13, 20h00.
> 7. Ilunga: kuulizia, kukusanya michango, kuchapa. Alhamisi 15, 12h00.
>
> Alhamisi 8, 20h00, kila mwenye namba 1 hadi 4 anatuma picha ya alichoanza: wauzaji 3 au nusu ukurasa. Isipofika, Ijumaa 9 saa 12h00 tunabadilisha mgawo bila ugomvi.
>
> Kila mtu ajibu hapa kabla ya kesho 20h00: namba yake, anachokileta, saa. Asiyeweza aseme sasa, tutabadilishana.

Angalia mahali Ngoy na Monga walipowekwa. Hawakunyimwa kazi, na hakuna neno hata moja katika ujumbe linalowasema vibaya. Lakini kazi walizopewa ni zile zinazoweza kukosekana bila kuua kazi nzima. Masoko ni matatu, na moja likikosa, kazi inasimama kwa masoko mawili. Jedwali ni moja tu, na mwunganishaji ni mmoja tu, kwa hiyo sehemu hizo hazipewi mtu ambaye hujui kama atapatikana. Kosa la waratibu wengi ni kumpa mtu mvivu kazi kubwa "ili ajisikie na wajibu". Atajisikia nao jioni hiyo moja.

Acha ndani ya ujumbe ile sentensi ya mwisho, "asiyeweza aseme sasa". Bila mlango huo, mtu mwenye mgonjwa nyumbani au mwenye kazi ya mchana atasema ndiyo kwa aibu, kisha atapotea kimya kimya.

Dalili ya 2: Baadhi wanasema "mimi sikuona"

Usibishane. Angalia. Shikilia ujumbe wako kwa kidole na ufungue taarifa zake. Utaona orodha mbili, waliosoma na waliofikiwa tu. Mtu anaweza kuzima alama za buluu katika mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye kikundi kuzizima hakufanyi kazi. Akisoma, jina lake litaingia katika waliosoma. Ukiwa kwenye orodha ya ujumbe, usitafsiri tiki za kikundi kama zile za mtu mmoja: tiki ya pili inakuja wote wakishafikiwa, na rangi ya buluu inakuja wote wakishasoma. Simu moja iliyozimwa inatosha kuwafanya watu watano waliosoma waonekane kama hawajasoma.

Mtu asipokuwemo hata katika waliofikiwa, sababu ya kawaida ni mega zimeisha au simu haina moto. Hapo WhatsApp haisaidii. Mtumie mstari wake peke yake kwa SMS ya kawaida: "Ngoy: soko la Katuba, wauzaji 10, Jumamosi 10 saa 18h00. Jibu ndiyo au hapana." Katika kikundi cha watu saba, SMS mbili au tatu zinatosha, na zinagharimu kidogo kuliko kuandika sehemu yake. Sababu nyingine ni kwamba amebadilisha namba na kikundi bado kina ile ya zamani, jambo la kawaida kwa wenye laini mbili au tatu. Uliza namba inayoshika siku hiyo hiyo, usingoje tarehe 15.

Mtu akiwemo katika waliofikiwa lakini hajasoma, huenda amenyamazisha kikundi. Mtaje kwa alama ya @ mbele ya jina lake: kwa kawaida kutajwa kunamletea taarifa hata kama kikundi kimenyamazishwa. Usiwataje wote saba katika kila ujumbe, maana baada ya mara tatu hakuna atakayeshtuka.

Mtu akiwemo katika waliosoma, na bado anasema hakuona, jambo la kwanza la kuangalia ni urefu. WhatsApp inakata ujumbe mrefu na kuficha sehemu ya chini mpaka msomaji abonyeze aendelee. Aliyefungua akaona salamu, shukrani na maelezo ya asistanti, jina lake likiwa chini ya mkato, amehesabiwa kuwa amesoma. Ondoa salamu ndefu, weka saa ya kupeleka mstari wa kwanza, na majina mara moja baada yake. Ufafanuzi wa kila sehemu mpelekee mwenyewe pembeni.

Sauti ya dakika nne ina ubaya huo huo na zaidi. Haitafutiki kwa neno, haisomeki ndani ya taksi-basi, na hakuna anayerudi kuisikiliza tena ili kujua kama ilisemwa Jumamosi au Jumapili. Sauti itumike kueleza, mgawo uandikwe.

Kisha bandika ujumbe juu ya kikundi. Programu inauliza muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Inapendekeza siku 7, na wengi wanakubali bila kusoma. Katika mfano wetu siku 7 kuanzia tarehe 6 zinaisha tarehe 13, yaani mgawo unatoweka juu siku tatu kabla ya kupeleka, wakati ambapo kila mtu anautafuta. Chagua siku 30.

Dalili ya 3: Kila mtu alikuwa na saa yake

Hapa watu wote ni waaminifu na bado kazi inaharibika. Ukiandika "saa nane", mmoja anasoma mchana, mwingine aliyezoea saa za Kifaransa anasoma asubuhi. "Saa mbili" inaweza kufika kama maana tatu. Andika saa kwa namna ya 14h00 na uweke ile ya Kiswahili kwenye mabano mara moja, mwanzoni. "Usiku wa Jumatatu" pia ni mtego, kwa sababu wapo wanaomaanisha usiku wa kuamkia Jumatatu. Njia salama ni kutoweka mwisho wowote baada ya 20h00, na kuandika siku pamoja na tarehe. Siku na tarehe zisipokubaliana, mtu ataligundua kosa lako na kuuliza.

Kama mwalimu anafundisha kutoka Kinshasa na kazi inapelekwa kwa barua pepe, kumbuka kwamba Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja: 14h00 yao ni 15h00 yetu. Andika saa ya Lubumbashi peke yake, yaani 15h00.

Tarehe ikibadilika, usihariri ujumbe wa zamani. Kuhariri kunawezekana ndani ya dakika 15 tu, na hata hapo wenzako hawapati taarifa kwamba kitu kimebadilika. Waliokwisha kusoma watabaki na tarehe ya kwanza kichwani. Andika ujumbe mpya unaoanza na neno "MABADILIKO", ubandike huo, na uondoe wa zamani pale juu.

Dalili ya 4: Vyote vinafika usiku wa mwisho, au havifiki

Sababu ya kawaida ni kwamba tarehe zilipangwa kutoka leo kwenda mbele. Panga kutoka mwisho kurudi nyuma. Kazi inapelekwa Ijumaa 16 saa 14h00. Kuchapa na kufunga kurasa kunataka sekreteria ya umma yenye umeme, na Ijumaa asubuhi promosyo nzima iko kwenye foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo kuchapa ni Alhamisi 15 kabla ya 12h00, na umeme ukikatika bado una mchana mzima. Jumatano 14 ni ya wote kusoma na kusahihisha. Mwewa anahitaji siku nzima kuunganisha, basi amalize Jumanne 13. Kasongo anahitaji siku moja na nusu hadi mbili kwa jedwali, kwa hiyo bei lazima zifike Jumamosi 10 jioni. Sasa unaona kwamba wale wa sokoni wana siku nne tu, si kumi. Ukiwaambia "tarehe 16", unawadanganya bila kukusudia.

Wengine wanajaribu kuweka tarehe ya uongo: kazi ni ya 16, wanaandika 13. Inafanya kazi mara moja. Asistanti ataitaja tarehe ya kweli darasani, na kuanzia hapo kila tarehe yako itahesabiwa kuwa na siku tatu za bure. Tarehe ya kila sehemu iwe ya kweli, na sababu yake ionekane: Jumamosi 18h00 kwa sababu Kasongo anaanza Jumapili.

Sababu ya pili ni kukosa kitu cha kuonyesha mapema. Hiyo ndiyo kazi ya ile picha ya Alhamisi 8. Wauzaji watatu kati ya kumi, au nusu ukurasa, vinachukua saa moja, hivyo hakuna kisingizio cha kazi kuwa kubwa. Na lazima iwe kitu kinachoonekana. Swali la "umefika wapi?" litajibiwa "niko naendelea" na wote, aliyeanza na ambaye hajaanza. Picha ya daftari lenye bei tatu haipatikani bila kwenda sokoni.

Tuseme Alhamisi 20h00 imepita. Mujinga, Kabedi na Ngoy wametuma. Monga kimya. Hatua ni hizi, na zifuate mpangilio huu:

Saa 20h30, andika kwake pembeni, si kikundini: "Monga, sijaona picha ya Ruashi. Kuna shida? Kesho 12h00 tunafunga mgawo." Usiandike zaidi ya hapo. Aibu mbele ya watu saba humfanya mtu atoke kikundini au aanze kujitetea, na katika hali zote mbili bei za Ruashi hazipatikani.

Ijumaa asubuhi piga simu mara moja. Akishika, usiulize kwa nini. Uliza: "Unaweza kuwa sokoni kesho kabla ya saa sita mchana?" Ndiyo au hapana.

Ijumaa 12h00, bila jibu, badilisha mgawo. Hapa waratibu wengi wanamwongezea Mujinga soko la pili kwa sababu Mujinga hakatai. Fanya hivyo mara mbili katika muhula na utakuwa umemfundisha Mujinga kwamba kufanya kazi vizuri ni adhabu. Kwanza angalia kama kazi inaweza kupunguzwa. Masoko mawili yenye wauzaji 20 yanatosha kwa jedwali moja na grafu moja, na Mwewa anaandika katika sehemu ya mbinu kwamba utafiti ulifanyika Kenya na Katuba. Kama asistanti alidai masoko matatu, basi gawa wale wauzaji kumi wa Ruashi kwa watu wawili, watano kila mmoja, na uwapunguzie kitu kingine. Kisha andika kikundini mstari mmoja usio na lawama: "MABADILIKO: Ruashi imeondolewa. Kasongo atumie Kenya na Katuba."

Monga akitokea Jumapili na bei zake, zipokee kama bado Kasongo hajafunga jedwali. Akitokea Jumanne, mpe kazi iliyobaki, kwa mfano kusahihisha tahajia na kuhakikisha namba za kurasa. Kufungua jedwali tena siku hiyo ndiko kunakoleta makosa ya hesabu ambayo hakuna atakayepata muda wa kuyaona.

Dalili ya 5: Sehemu zimefika lakini hazishikani

Kwa kazi ya bei sababu ni karibu kila mara kipimo. Mmoja ameandika bei ya meka, mwingine ya kilo, mwingine ya mfuko wa kilo 25. Mmoja ameandika faranga, mwingine dola. Kasongo hawezi kujua baadaye meka ya muuzaji yule ilikuwa imejaa mpaka wapi. Ujumbe wetu hapo juu una upungufu huu: ulisema "bei kwa wauzaji 10" tu. Uongeze mstari mmoja chini ya namba 3: "Bei ya mfuko wa kilo 25, kwa faranga, unga mweupe, andika tarehe na saa." Kama Alhamisi picha zinaonyesha vipimo tofauti, bado kuna siku mbili za kurudi sokoni. Hiyo ni faida nyingine ya picha, na mara nyingi ndiyo inayookoa kazi.

Majina ya faili nayo yaandikwe kwenye ujumbe, vinginevyo Mwewa atapokea faili nne zote zikiitwa "kazi". Mfano unaotosha, kwa kikundi cha 4:

```
G4_Katuba_Ngoy_v1.docx
```

Nakala iliyosahihishwa inakuwa v2. Asiye na kompyuta apige picha ya daftari au aandike bei moja kwa moja ndani ya ujumbe. Usimkwamishe kwa sababu ya Word.

Dalili ya 6: Michango ya kuchapa haifiki

Sababu ni kuomba pesa mwishoni, siku ambayo kila mtu anajua kazi itachapwa tu, atoe asitoe. Uliza bei sekreteria mapema, gawanya kwa saba, na uweke mwisho wa mchango siku moja na ile picha, Alhamisi 8. Kiasi kiandikwe kwa faranga, pamoja na jina linalotokea kwenye simu ya mpokeaji, ili mtu asitume kwa namba isiyo yake. Ilunga aandike kikundini kila anapopokea. Mtu asiye na pesa akisema pembeni, jambo hilo libaki pembeni.

Wakati wa kuacha na kumpeleka mwingine

Kuna mambo ambayo ujumbe hauwezi kuyatengeneza, na mratibu akiendelea kuyasukuma anaharibu zaidi.

Acha kudai mara moja kama mtu ana msiba, mgonjwa au shida ya usalama nyumbani. Ondoa sehemu yake kama ulivyofanya kwa Ruashi, na umwambie shefu wa promosyo kwamba mwenzenu ana shida, bila kutaja ni shida gani. Maelezo ni yake kuyatoa.

Acha kubadilisha mgawo kama watu watatu au zaidi kati ya wale wanne hawakutuma picha ya Alhamisi. Hapo tatizo si mtu. Ama kazi haikueleweka, ama tarehe inagongana na mtihani wa kozi nyingine. Mwende kwa asistanti Ijumaa, mkiwa wawili, mkauliza kuhusu kazi yenyewe. Ijumaa tarehe 9 anaweza kupunguza au kusogeza. Tarehe 15 hatasikiliza.

Usifute jina la mtu kwenye ukurasa wa kwanza kwa uamuzi wako, hata kama hakuleta kitu. Jina likikosekana ni alama sifuri, na ugomvi wake unaweza kufika kwa apariteri ukiwa wewe ndiye mshtakiwa. Wala usiliweke kimya kimya ukinung'unika. Swali hilo ni la asistanti, na linaulizwa kabla ya kupeleka. Kabla ya kwenda, hifadhi vitu vitatu: ujumbe wa mgawo, jibu la mtu huyo lenye namba yake na saa, na ujumbe wako wa 20h30. Kama kikundi chenu kimewashwa ujumbe unaojifuta, vipige picha siku hiyo hiyo.

Kwa asistanti andika hivi, jioni ya Jumatatu 12, kwa kikundi kizima, si kwa jina lako peke yako:

> Asistanti, habari za jioni. Sisi ni kikundi cha 4. Sehemu zote zilizotakiwa hadi leo zimefika, isipokuwa moja. Mwenzetu mmoja hajapatikana tangu tarehe 8, tumemwandikia na kumpigia simu. Kazi itafika Ijumaa kama ulivyosema. Tunaomba utuelekeze: jina lake tuliweke kwa namna gani? Tunangoja neno lako kabla ya kuchapa Alhamisi asubuhi.

Asipojibu mpaka Alhamisi 10h00, mpitie shefu wa promosyo amfikie. Akiendelea kuwa kimya, chapeni na majina yote saba, na kwenye ukurasa wa mgawo wa kazi andikeni kwa kila jina sehemu aliyoileta. Kwa Monga aliyesahihisha tahajia, andikeni tahajia.